Kosa la makadirio: pima ukubwa wake na mwegemeo wake kabla ya kuagiza mzigo

Makadirio ya mauzo hukosea kwa namna mbili, na kila namna ina dawa yake. Kuna kosa la huku na huku: wiki hii umekadiria juu, wiki ijayo chini, na mwisho wa miezi miwili hesabu inakaribia kulingana. Hilo halizuiliki lote, kwa hiyo unaliwekea akiba ya tahadhari stoo. Kuna pia kosa la upande mmoja, yaani mwegemeo, ambapo makadirio yako huwa chini kila wiki, au juu kila wiki. Hilo halitaki akiba. Linataka makadirio yenyewe yabadilishwe. Maduka mengi hupima namna ya kwanza peke yake, kisha wenyewe hushangaa bidhaa yenye asilimia nzuri ya kosa ndiyo inayowaishia.

Mwongozo huu unafuata bidhaa mbili za duka moja la mfano, duka la jumla mjini Busia upande wa Uganda: sukari katika magunia ya kilo 50, na mafuta ya kupikia katika madumu ya lita 20. Duka hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi. Oda hutolewa kila Jumatatu asubuhi na mzigo hufika Jumatatu inayofuata. Namba ni za mfano, ila hesabu ni ile ile utakayoifanya kwa daftari lako.

Hatua ya 1: Yafunge makadirio siku ya oda

Makadirio yanayopimwa ni yale uliyokuwa nayo siku ulipotoa oda, maana ndiyo yaliyoamua mzigo kiasi gani uje. Andika namba hiyo Jumatatu ya oda, pamoja na tarehe, kisha usiiguse tena. Ukiibadilisha katikati ya wiki kwa sababu umeona mauzo yanapanda, mwisho wa wiki kosa litaonekana dogo na la kupendeza, lakini gari lilishapakiwa kwa namba ya zamani. Kosa dogo la aina hiyo halina faida yoyote stoo.

Kwa duka letu, makadirio ya wiki ya 5 hufungwa Jumatatu ya wiki ya 4. Wakati huo mauzo yanayojulikana ni ya mpaka mwisho wa wiki ya 3. Kumbuka jambo hilo, tutalihitaji katika hatua ya 4.

Hatua ya 2: Geuza mauzo kuwa mahitaji

Risiti za EFRIS, yaani risiti za kielektroniki za mamlaka ya mapato ya Uganda, au daftari la mauzo, zinakuambia kilichouzwa. Hazikuambii mteja aliyefika akakuta rafu tupu akaenda duka la jirani. Ukichukua mauzo ya wiki uliyoishiwa ukayafanya ndiyo mahitaji, kosa lako litaonekana dogo katika wiki ile ile uliyowakosa wateja. Na ukikadiria wiki zijazo kutokana na namba hiyo, utaagiza kidogo, utaishiwa tena, na daftari litaendelea kushuhudia kwamba bidhaa hiyo haiuziki sana.

Kwa hiyo ongeza safu moja kwenye daftari: siku ambazo bidhaa haikuwepo. Katika wiki ya 5 ya mfano wetu, madumu ya mafuta yaliisha Ijumaa jioni. Yaliuzwa 58 kwa siku tano, yaani 11.6 kwa siku. Kwa siku sita mahitaji yalikuwa kama 70. Hiyo 70 ndiyo tunayoingiza kwenye hesabu. Kama Jumamosi ni siku ya gulio na huuza maradufu, usigawe sawasawa hivyo. Tazama wiki nyingine Jumamosi hubeba sehemu gani ya wiki nzima, utumie sehemu hiyo.

Kinyume chake pia kipo. Shule ya bweni ikikupigia simu mapema kwamba itachukua magunia 40 kwa mkupuo ili kufungua muhula, hayo si mahitaji ya kukadiria. Ni oda inayojulikana. Yaandike pembeni na uyaagizie mzigo wake. Ukiyachanganya na mauzo ya kila siku, yataharibu kipimo cha kosa, na wiki inayofuata utaagizia shule ambayo hairudi mpaka muhula mwingine.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kosa

Kosa hapa ni makadirio ukitoa mahitaji halisi. Kosa lenye alama ya kutoa linamaanisha ulikadiria chini. Lisilo na alama, ulikadiria juu. Mifumo mingine ya kompyuta hugeuza alama hizi, yaani hutoa makadirio kutoka kwa mahitaji. Ukiletewa ripoti na mtu mwingine, uliza kwanza alama zake zinasomwaje, la sivyo utapunguza oda pale ulipotakiwa kuongeza.

| Wiki | Sukari: makadirio | Sukari: mahitaji | Kosa | Mafuta: makadirio | Mafuta: mahitaji | Kosa |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 100 | 110 | −10 | 60 | 66 | −6 |
| 2 | 100 | 88 | 12 | 60 | 70 | −10 |
| 3 | 100 | 80 | 20 | 60 | 64 | −4 |
| 4 | 100 | 120 | −20 | 60 | 72 | −12 |
| 5 | 100 | 95 | 5 | 60 | 70 | −10 |
| 6 | 100 | 105 | −5 | 60 | 71 | −11 |
| 7 | 110 | 125 | −15 | 65 | 75 | −10 |
| 8 | 110 | 100 | 10 | 65 | 68 | −3 |

Wastani wa asilimia ya kosa, ambao ripoti nyingi huuandika MAPE, hupatikana hivi: chukua kosa la kila wiki bila kujali alama, ligawe kwa mahitaji ya wiki hiyo, kisha tafuta wastani wa asilimia zote. Wiki ya 1 ya sukari ni 10 kugawa kwa 110, sawa na 9.1%. Ukimaliza wiki nane, sukari inapata 12.1% na mafuta 11.7%.

Ukiishia hapo utasema mafuta yanakadiriwa vizuri kidogo kuliko sukari. Sasa jumlisha makosa pamoja na alama zake. Sukari: jumla ni −3 tu, kati ya magunia 823 yaliyohitajika. Mafuta: jumla ni −66 kati ya madumu 556. Ukigawa jumla hiyo kwa mahitaji yote unapata mwegemeo: sukari −0.4%, mafuta −11.9%. Kwa mafuta, mwegemeo ni mkubwa karibu sawa na kosa lote. Maana yake ni kwamba karibu kosa lote la mafuta ni la upande mmoja, na hakuna wiki hata moja kati ya nane ambayo makadirio yalizidi mahitaji.

Kwenye Excel au Google Sheets, weka makadirio safu ya B na mahitaji safu ya C, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 9, kisha nakili fomula za D2, E2 na F2 kushuka hadi mstari wa 9:

```
D2:  =B2-C2
E2:  =ABS(D2)
F2:  =E2/C2
MAPE:      =AVERAGE(F2:F9)
Mwegemeo:  =SUM(D2:D9)/SUM(C2:C9)
Kosa la kawaida:  =AVERAGE(E2:E9)
Kengele:   =SUM(D2:D9)/AVERAGE(E2:E9)
```

Kosa la kawaida ni wastani wa kosa kwa magunia au madumu, si kwa asilimia: sukari 12.1, mafuta 8.25. Ndilo tutakalolitumia kupanga akiba, kwa sababu stoo haihifadhi asilimia.

Kengele ni jumla ya makosa ikigawanywa kwa kosa la kawaida. Wapangaji wengi huanza kuchunguza ikivuka 4 upande wowote. Sukari ina −0.2, iache. Mafuta yana −8.0, na kwa wiki nane hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote zinazowezekana, kwa sababu makosa yote yameelekea upande mmoja.

Hatua ya 4: Linganisha na makadirio ya mvivu

Watu huuliza MAPE ya 12% ni nzuri au mbaya. Peke yake haina jibu. Chumvi ambayo huuzwa karibu sawa kila wiki inaweza kukadiriwa kwa kosa la 5% na mtu asiyefikiri, na mwamvuli unaweza kukushinda kwa 40% hata ukiwa hodari. Kipimo cha haki ni kuuliza: je, ningepata kosa gani kama nisingefanya kazi yoyote, nikaandika tu mauzo ya mwisho ninayoyajua?

Siku tunapofunga makadirio ya wiki ya 5, wiki ya mwisho tunayoijua ni ya 3. Basi mvivu huandika kwa wiki ya 5 namba ya wiki ya 3, kwa wiki ya 6 namba ya wiki ya 4, na kadhalika. Usimpe mvivu namba ya wiki ya 4 kwa wiki ya 5, kwa sababu siku ya oda haikuwepo bado. Ukimpa, utamfanya aonekane hodari kuliko haki yake.

Kwa sukari, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 8, makosa ya mvivu yanafika magunia 127 kati ya mahitaji 625, yaani 20.3%. Yetu katika wiki hizo ni 75, yaani 12.0%. Kazi ya kukadiria sukari inalipa. Kwa mafuta, mvivu anakosea madumu 19 tu kati ya 420, yaani 4.5%. Sisi tumekosea 50, yaani 11.9%.

Ona kilichotokea. Sukari na mafuta zina kosa karibu sawa kabisa, 12.0% na 11.9%. Lakini kwa sukari mkadiriaji anaushinda uvivu kwa mbali, na kwa mafuta uvivu unamshinda yeye. MAPE peke yake isingekuonyesha hilo kamwe.

Hatua ya 5: Tafuta sababu ya mwegemeo kabla ya kuusahihisha

Mwegemeo una chanzo, na mara nyingi ni kimojawapo cha hivi.

Kwanza, wastani wa miezi mingi nyuma wakati bidhaa inapanda. Wastani wa miezi sita hubeba wiki za zamani zenye mauzo madogo, kwa hiyo hubaki nyuma ya bidhaa inayokua na hubaki juu ya bidhaa inayoshuka. Katika duka letu, wauza chapati na rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, wameongezeka karibu na kituo cha magari na wananunua madumu kila asubuhi, lakini wastani bado unakumbuka enzi kabla yao. Ndiyo maana hata alipopandisha kutoka 60 hadi 65 katika wiki ya 7, mwenye duka alikuwa bado chini.

Pili, kukadiria uwezo badala ya mahitaji. Gari hubeba madumu 60 pamoja na mzigo mwingine, basi makadirio nayo yanaandikwa 60. Andika mahitaji jinsi yalivyo, halafu chini yake andika gari litabeba kiasi gani. Ukiziunganisha namba hizo mbili hutajua kamwe unahitaji gari kubwa zaidi.

Tatu, kalenda iliyohama. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, na sukari hupanda nao. Anayekadiria Machi ya mwaka huu kwa kutazama Machi ya mwaka jana atakadiria juu mwezi mmoja na chini mwezi mwingine. Vivyo hivyo mihula mitatu ya shule: tarehe za kufungua na kufunga husogea mwaka hadi mwaka.

Hapo kuna mtego. Mwegemeo wa mwaka mzima unaweza kuwa sifuri na bado ukawa na shida kubwa. Duka la unga wa posho linalokadiria juu kila likizo na chini kila shule zinapofunguliwa litaona makosa yakifutana. Kwa bidhaa za namna hiyo piga mwegemeo mara mbili: wiki za muhula peke yake na wiki za likizo peke yake.

Nne, mkono wa mtu. Anayelaumiwa mzigo ukibaki hukadiria chini. Anayelaumiwa rafu ikiwa tupu, au aliyeahidiwa punguzo na muuzaji akichukua mzigo mkubwa, hukadiria juu. Hapa hesabu haitibu kitu mpaka utazame analaumiwa kwa lipi na analipwa kwa lipi.

Hatua ya 6: Sahihisha makadirio, ndipo upange akiba

Utaratibu huu usigeuzwe, na sababu yake inaonekana ukifanya hesabu kwa njia zote mbili.

Oda ya Jumatatu hii hufika Jumatatu ijayo, na nafasi nyingine ya kuagiza mzigo utakaofuata baada ya huo ni wiki moja baadaye. Kwa hiyo kila oda inalinda wiki mbili: moja ya kusubiri mzigo na moja ya kusubiri siku ya oda inayofuata. Wanaosahau hiyo ya pili huweka akiba ndogo mno.

Akiba ya tahadhari tunaipata hivi: kosa la kawaida mara 1.25, mara mzizi wa mraba wa idadi ya wiki zinazolindwa, yaani mzizi wa 2 ambao ni 1.41, mara 1.65. Namba 1.25 hubadili kosa la kawaida kuwa mtawanyiko wa kitakwimu, na 1.65 ni kwa anayetaka asiishiwe katika mizunguko 95 kati ya 100. Ukiridhika na 90, tumia 1.28. Namba hizi zinategemea makosa yanayotawanyika kwa kawaida pande zote mbili, jambo ambalo ni kweli kwa sukari yetu na si kweli kwa mafuta yetu.

Sukari haina mwegemeo. 12.1 × 1.25 × 1.41 × 1.65 ni kama magunia 35. Makadirio ya wiki mbili ni 220. Kiwango cha kujazia, yaani makadirio ukijumlisha akiba, ni 255. Kila Jumatatu, baada ya kupokea mzigo, hesabu magunia yaliyopo. Yakiwa 139, agiza 116. Kama gari la wiki iliyopita limechelewa, mzigo wake uhesabu kana kwamba uko stoo, la sivyo utaagiza mara mbili kitu kile kile.

Sasa mafuta, kwanza kwa njia isiyofaa. Kosa la kawaida ni 8.25, kwa hiyo akiba inakuwa madumu 24. Makadirio ya wiki mbili ni 130, kiwango ni 154. Mwenye duka anatazama karatasi na kuona akiba ya 24, karibu theluthi moja ya mauzo ya wiki, na haelewi kwa nini Jumamosi ni wasiwasi mtupu. Sababu ni kwamba mahitaji ya kweli ya wiki ni kama 73, yaani 65 ukiongeza kosa la wastani la 8. Wiki mbili ni 146. Kati ya madumu 24 ya akiba, 16 yameliwa na mwegemeo kabla wiki haijaanza. Yanabaki 8 ya kupambana na mabadiliko ya kweli.

Kwa njia ifaayo, pandisha makadirio hadi 73 kwanza. Kisha pima kosa linalobaki baada ya kuondoa wastani wa makosa. Excel ina fomula inayofanya hivyo moja kwa moja:

```
=AVEDEV(D2:D9)
=1.65*1.25*AVEDEV(D2:D9)*SQRT(2)
```

Ya kwanza inatoa 2.94, ya pili 8.6, yaani madumu 9. Kiwango ni 146 na 9, jumla 155.

Msomaji makini atauliza: 154 na 155, tofauti iko wapi? Kwa wiki mbili, ni kweli, akiba kubwa imeufunika mwegemeo kwa bahati. Lakini ongeza muda. Tuseme msambazaji wa karibu amefunga na mafuta sasa yanatoka mbali, oda inalinda wiki nne, na tuchukulie kosa la kila wiki halijabadilika. Kwa njia isiyofaa: makadirio 260, akiba 34, kiwango 294. Mahitaji ya kweli ni 292. Akiba ya 34 kwenye karatasi ni madumu 2 stoo. Kwa njia ifaayo kiwango ni 292 na 12, yaani 304. Wiki zikiwa tano, makadirio ni 325 na akiba 38, jumla 363, na mahitaji ya kweli ni 365. Akiba yote imeisha, na unaingia dukani ukiwa na upungufu.

Sababu ni hii: kosa la huku na huku hukua polepole kadiri wiki zinavyoongezeka, kwa sababu wiki ya juu hupunguza wiki ya chini; ndiyo maana tunatumia mzizi. Mwegemeo haupunguzwi na kitu. Wiki moja ni madumu 8, wiki tano ni 40. Kadiri mzigo unavyotoka mbali, ndivyo mwegemeo mdogo unavyogeuka kuwa hasara kubwa. Bidhaa inayopitia Mombasa haivumilii mwegemeo ambao bidhaa ya kiwanda cha Jinja ingeuvumilia.

Tahadhari moja: wiki nane ni chache, na kosa lililobaki baada ya kuondoa wastani huonekana dogo kuliko litakavyokuwa mbele. Kwa mafuta, badala ya 9 weka 12 mpaka ufikishe wiki 12 za makadirio mapya.

Mwegemeo wa juu hufanya kazi kwa kugeuzwa. Akiba yako ya kweli ni kubwa kuliko ya karatasi, hakuna mteja anayelalamika, kwa hiyo hakuna anayechunguza. Dalili zake ni fedha zilizolala, unga unaoanza kupata fukusi, na tarehe za mwisho wa matumizi zinazokukuta. Ukiondoa mwegemeo huo, usiache kuagiza kabisa ili stoo ishuke haraka. Punguza makadirio tu, na kiwango cha kujazia kitaishusha chenyewe katika oda mbili tatu.

Hatua ya 7: Usiache MAPE ikufundishe vibaya

MAPE haiko sawa pande zote. Ukikadiria 20 na zikatoka 10, kosa ni 10 na asilimia ni 100. Ukikadiria 10 na zikatoka 20, kosa ni lile lile 10, lakini asilimia ni 50. Kukadiria chini hakuwezi kuzidi 100% hata ukiandika sifuri. Kukadiria juu hakuna kikomo. Kwa hiyo mfanyakazi anayepimwa kwa MAPE peke yake hujifunza, pengine bila kujua, kukadiria chini kidogo kila mara. Ukimpa mtu lengo la MAPE, mpe na lengo la mwegemeo.

Kwa bidhaa zinazotoka mojamoja, MAPE haifai kabisa. Taa ya sola iliyouzwa 0, 1, 0, 3 kwa wiki nne itakufanya ugawe kwa sifuri, na wiki iliyotoka 1 ulipokadiria 2 itasema 100%. Kwa hizo tumia kosa la kawaida kwa idadi, na upime kwa mwezi badala ya wiki.

Kwa duka zima, usitafute wastani wa MAPE za bidhaa zote. Viberiti na sukari vitapewa uzito sawa. Zidisha kosa la kila bidhaa kwa bei yake ya kununulia, jumlisha yote kwa shilingi, kisha ugawe kwa thamani ya mahitaji yote. Hapo unaona fedha yako imekosea wapi, na mara nyingi ni bidhaa tano au sita tu zinazobeba sehemu kubwa ya kosa. Anza na hizo. Nyingine unaweza kuziachia makadirio ya mvivu bila aibu.

Hatua ya 8: Baada ya kusahihisha, anza kuhesabu upya

Ukishapandisha mafuta hadi 73, futa jumla ya makosa ya zamani na uanze kengele kutoka sifuri. Ukiacha ile −66 ibaki, kengele itaendelea kulia wiki nyingi hata makadirio mapya yakiwa sawa, nawe utapandisha tena hadi 80 na kuumba mwegemeo wa upande wa pili. Tarehe uliyobadilisha iandike daftarini pamoja na sababu yake.

Kisha tazama kila mwezi. Kengele isipofika 4, usiguse makadirio kwa ajili ya wiki moja mbaya. Wiki ya 4 ya sukari ilikosea kwa magunia 20 chini, na wiki moja kabla ilikosea 20 juu. Aliyeshusha makadirio baada ya wiki ya 3 alikuwa akikimbiza kosa ambalo wiki ya 4 ililigeuza.